Fiti au si fiti: yale ambayo tangazo la vipimo halisemi

Karatasi imebandikwa ukutani, kando ya dirisha la karani, katika chumba wanamokaa waombaji kazi kabla ya kupelekwa kupimwa. Ina mhuri wa idara ya utumishi na maneno yake hayazidi mistari minne: waajiriwa wapya wanaarifiwa kwamba majibu ya vipimo vya afya kabla ya ajira yatawasilishwa kwa mwajiri kama ANAFAA au HAFAI, na mwajiri hatapewa taarifa nyingine yoyote ya kiafya. Kila ninapoliona tangazo la namna hii nafurahi kwa moyo wote. Na kwa kuwa nalithamini, nataka tulisome kwa makini, maana maneno hayo mawili yanaweza kumlinda mwombaji, na yanaweza vilevile kumfichia siri aliyemdhulumu.

Nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi Dar es Salaam, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, na wakati ule hakukuwa na tangazo. Kulikuwa na bahasha ya kaki. Kliniki tuliyokuwa na mkataba nayo ilituletea bahasha moja kila Ijumaa, ndani yake mna fomu za wote waliopimwa wiki hiyo, zimebanwa pamoja. Kila fomu ilikuwa na jedwali: uzito, presha, sukari, mkojo, choo, kaswende, homa ya ini, VVU, na kwa wanawake mstari mmoja zaidi, mimba. Mimi ndiye niliyezifungua. Baada yangu zilikaa juu ya meza ya katibu muhtasi hadi meneja apate nafasi ya kuzisaini, na yeyote aliyeingia kuulizia likizo yake aliweza kuisoma ile ya juu.

Ijumaa moja ilikuwamo fomu ya msichana aliyeomba kazi ya kufungasha. Kwenye usaili alikuwa amewapita wenzake wote. Katika mstari wa mimba palikuwa na alama ya kujumlisha, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na meneja akaandika pembeni: "Asubiri." Jumatatu alikuja mwenyewe kuulizia. Nikamwambia nafasi zimejaa. Akasema, "Asante kaka, Mungu akipenda siku nyingine," akafunga mlango taratibu. Nilijua habari za ujauzito wake, pengine kabla hajamwambia mama yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na katika jambo hilo inamhesabu mwombaji kazi kuwa sawa na mwajiriwa. Nakala yake ilikuwa kabatini kwangu.

Kwa hiyo najua tangazo linajaribu kuziba tundu gani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilishaliona mwaka 1997 lilipotoa kanuni zake za ulinzi wa taarifa binafsi za wafanyakazi. Kanuni hizo zinasema mwajiri apewe hitimisho tu, lile linalohusu uamuzi wa ajira anaoufanya, na hitimisho hilo lisiwe na taarifa yoyote ya kitabibu. Liseme kama mtu anafaa kwa kazi aliyoiomba, au litaje aina ya kazi na mazingira yasiyomfaa, kwa muda au moja kwa moja. Basi. Jina la ugonjwa halimo, namba ya presha haimo, dawa anazomeza hazimo.

Kiutendaji maana yake ni kwamba panatakiwa karatasi mbili. Ya kwanza ni faili la daktari, lenye historia, vipimo na majibu yote, na hilo halitoki kliniki. Ya pili ni cheti cha ukurasa mmoja kinachokwenda kwa mwajiri, chenye jina, kazi iliyoombwa, tarehe, uamuzi na sahihi. Pale karatasi hizi mbili zinapokuwa moja, tangazo limekufa hata kama lina mhuri wa dhahabu. Njia rahisi ya kujua ni kuuliza fomu tupu. Ukiona fomu inayoandikwa uamuzi chini ndiyo hiyohiyo yenye jedwali la vipimo juu, ujue mwajiri atasoma vyote viwili.

Lakini hata karatasi zikitenganishwa, siri ina njia zake za kutoroka, na nimezishuhudia. Kubwa kuliko zote ni ankara. Kliniki inamdai mwajiri, na mhasibu wa mwajiri anataka mchanganuo: fulani, picha ya kifua, fulani, kipimo cha sukari, fulani, kipimo cha sukari cha kurudia pamoja na kipimo cha figo. Mhasibu si daktari, ila hahitaji kuwa daktari kuelewa kwa nini mmoja kati ya ishirini amepimwa mara mbili. Dawa yake ni mkataba wa bei moja kwa kila kichwa kulingana na aina ya kazi, na vipimo vya ziada viingie kwenye jumla bila majina. Njia ya pili ni simu. Meneja anampigia daktari jioni: "Doktari, yule kijana wa stoo umempa hafai, ana nini hasa? Niambie tu mimi." Daktari anayetegemea mkataba huo kulipa mishahara ya wauguzi wake anajikuta pagumu, na wapo wanaojibu. Sijawahi kuona tangazo linalomtaja daktari na kusema kwamba naye amefungwa midomo. Linamfunga mwajiri asipewe, halimfungi mwajiri asiombe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 1996 kijana mmoja wa Afrika Kusini, aitwaye Hoffmann, aliomba kazi ya mhudumu wa ndani ya ndege katika shirika la ndege la nchi hiyo, SAA. Alipita hatua zote za mchujo na kuonekana anafaa. Kisha akapelekwa kupimwa afya. Daktari alimkuta mzima, mwenye kuimudu kazi, na ripoti ikasema hivyo. Baadaye majibu ya damu yakaja: ana VVU. Ripoti ikabadilishwa, ikaandikwa kwamba ana VVU na kwa hiyo hafai. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Katiba, ambayo tarehe 28 Septemba 2000 iliamua kwamba shirika lilikuwa limembagua, na ikaamuru apewe kazi. Ushahidi wa kitabibu wenyewe ulikuwa unaonyesha kwamba mtu mwenye virusi ambaye kinga yake bado haijashuka anaweza kuifanya kazi ile ipasavyo.

Itazame ile ripoti mara mbili. Mwili ni uleule, uchunguzi ni uleule, daktari hakuona kasoro mpya. Kilichobadilika ni neno, kutoka anafaa kwenda hafai, kwa sababu ya kipimo ambacho hakikuhusu uwezo wa kubeba sinia la chakula wala wa kufungua mlango wa dharura. Hoffmann aliweza kushtaki kwa sababu alijua alikataliwa kwa lipi. Sasa mweke chini ya tangazo letu lisomwe lilivyo. Mwajiri anapata HAFAI. Mwombaji anaambiwa HAFAI. Faili limebaki kliniki, siri imetunzwa kikamilifu, na dhuluma imepita katikati bila kuacha alama ya mguu. Angekwenda mahakamani na nini mkononi?

Ndiyo maana nasema usiri wa majibu peke yake hautoshi. Neno moja linatenda haki pale tu ambapo vipimo vyenyewe vimechaguliwa na kazi, na pale ambapo mwenye mwili anapewa kila kitu. Tangazo linazungumzia mlango wa kutokea, yaani nini kitamfikia mwajiri. Halizungumzii mlango wa kuingilia: ni nani aliyeamua watu wapimwe nini? Kama kipimo cha VVU kimo kwenye orodha, basi anayeandika HAFAI anaweza kuwa amekitumia, na hakuna atakayejua. Hapa Tanzania Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu apime, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, kama vile amri ya mahakama, na ajira haimo katika hayo. Sheria ya ajira ya 2004 nayo inaruhusu kumtenga mtu pale tu ambapo sifa inayokosekana ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Hapo ndipo pa kupimia kila mstari wa ile fomu.

Ndugu zetu wanaokwenda Ghuba wanalijua vizuri hili neno. Vipimo vyao vinasajiliwa kwenye mfumo wa Wafid na majibu husomeka FIT au UNFIT, na orodha ya magonjwa yanayomwondoa mtu ni ya kanuni za viza, VVU ikiwemo, haina uhusiano na kazi ya ndani au ya ujenzi anayoiendea. Wapo wanaorudi kijijini na neno UNFIT kwenye simu, hawajui wana nini, na hakuna aliyewaelekeza hospitali. Mtu mwenye kifua kikuu akirudi nyumbani hajui kwamba anacho, neno hilo moja halijamlinda yeye wala watoto anaolala nao chumba kimoja.

Nitoe mfano wa jinsi neno linavyotakiwa kupatikana. Chukua dereva wa lori la mafuta, safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Daktari anayejua kazi yake haanzi na mtu, anaanza na barua ya mwajiri inayosema kazi ni ipi: saa ngapi barabarani, usiku au mchana, mzigo gani, anapanda juu ya tangi au hapandi. Kutoka hapo vipimo vinajiorodhesha vyenyewe. Macho kwa kibao cha herufi, jicho moja moja, uwezo wa kuona pembeni, masikio, presha, sukari, historia ya kuzimia au kifafa, usingizi mzito wa mchana. Kaswende haimo. Mimba haimo. Homa ya ini haimo.

Dereva wetu ameamka saa kumi alfajiri, amesimama kwenye daladala toka Mbagala, hajanywa chai. Muuguzi anamfunga mkanda wa presha mara tu anapoketi: 172 kwa 106. Kliniki yenye haraka inaandika HAFAI hapo hapo. Kliniki inayojua inamwacha akae dakika 5 kimya, miguu chini, mkono umeegemezwa mezani, inahakikisha mkanda unautosha mkono wake, halafu inapima tena, na tena. Sasa ni 158 kwa 96. Inamwita kesho yake: 150 kwa 92. Uingereza, kwa madereva wa malori na mabasi, kinachomsimamisha mtu ni presha inayobaki 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 100 au zaidi kwa namba ya chini, akiwa ametulia. Huyu hajafika huko. Ana presha inayohitaji matibabu, na macho yake ya mbali yanahitaji miwani. Je, anafaa au hafai?

Jibu la kweli halimo katika maneno mawili ya tangazo. Ni neno la tatu: anafaa kwa masharti. Cheti kinachokwenda kwa mwajiri kiandikwe hivi: "Anafaa kwa udereva wa gari kubwa la mizigo. Avae miwani anapoendesha. Aonwe tena na daktari baada ya miezi 3." Presha haijatajwa. Mwajiri anajua anachotakiwa kufanya, amruhusu siku moja baada ya miezi mitatu, na hajui kama ni presha, sukari au goti. Dereva kwa upande wake ameondoka na namba zake zote, barua ya kwenda kuanza matibabu, na maelezo ya mdomo kutoka kwa daktari. Tangazo linalofungia milango kwenye ANAFAA na HAFAI tu linamsukuma daktari mwoga aandike HAFAI kwa mtu kama huyu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kumkatalia dereva. Nadhani wengi waliokosa kazi kwa "afya" nchini wamo katika kundi hili la katikati.

Masharti nayo yana mpaka wake, na sitaki kuuficha. Daktari akiandika "asifanye kazi kwenye kimo, asiendeshe gari wala mtambo," msimamizi yeyote mwenye uzoefu atanong'ona kwamba huyo ana kifafa. Huwezi kuzuia watu kukisia. Lakini kisio halina karatasi. Haliingii kwenye faili, halitumwi kwa kampuni ya bima, halisomwi na mwajiri wa pili anapoomba taarifa za mtu, na msimamizi akilifanyia kazi kama vile ni ukweli, anajibika yeye. Kilicho muhimu ni daktari aandike kile mtu asichoweza kufanya na aache kuandika kile alichonacho.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa siri, mimi nikiwamo, tumelisahau kwa muda mrefu. Faili linalobaki kliniki lina thamani kwa mfanyakazi mwenyewe miaka mingi baadaye. Mtu anayeanza kazi kwenye mashine za kusaga au kiwanda cha kusokota nyuzi anapimwa masikio siku ya kwanza, na grafu hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu. Kelele za kazini huanza kula usikivu kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4000, na mtu hagundui mpaka uharibifu uteremke kwenye sauti za mazungumzo. Baada ya miaka 12 akidai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, swali litakuwa: uliingia ukisikia vipi? Ikiwa kilichobaki kwa mwajiri ni neno ANAFAA, na kliniki ilishabadilishwa mara tatu kwa sababu ya zabuni ya bei nafuu, na faili lilibaki kwenye maboksi ya kliniki ya kwanza iliyofungwa, neno lile halimsaidii kitu. Huyu hakuathiriwa na siri kuvuja. Ameathiriwa na siri kutunzwa mahali ambapo hata yeye hawezi kuifikia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Waajiri wengi wameielewa kama agizo la kukusanya sahihi: kila mwombaji anapewa fomu ya ridhaa, anasaini, mambo yamekwisha. Sikubaliani na matumizi hayo. Mtu aliyekaa miezi minane bila kazi, ambaye kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi, hawezi kusemwa ameridhia kwa hiari jambo ambalo akilikataa anarudi nyumbani mikono mitupu. Ukimpa fomu inayoruhusu mwajiri aone kila kitu, ataisaini. Ukimpa ya kupima VVU, ataisaini pia. Ndiyo maana tangazo la ANAFAA na HAFAI lina nguvu kuliko fomu ya ridhaa: linamzuia mwajiri bila kumuuliza mnyonge kama angependa azuiliwe.

Basi lirekebishwe, lisiondolewe. Liongezewe neno la tatu, kwa masharti. Liseme kwamba mwajiri haruhusiwi kumuuliza daktari zaidi ya kilichoandikwa kwenye cheti. Liseme kwamba mwombaji atakabidhiwa majibu yake kamili mkononi, siku hiyohiyo, pamoja na sababu ya maandishi akiambiwa hafai, na nafasi ya kuonwa na daktari mwingine kabla nafasi yake haijapewa mtu mwingine. Kwa mwombaji anayesoma hapa, usitoke kliniki bila nakala yako; baada ya wiki utaambiwa faili limepelekwa ofisini, na ofisini utaambiwa lipo kliniki.

Na chini ya tangazo, ukutani palepale, ibandikwe orodha ya vipimo, kazi kwa kazi, kila mtu aisome kabla hajatoa mkono wake kuchomwa sindano. Dereva: macho, masikio, presha, sukari. Fundi umeme: pamoja na hayo, kutofautisha rangi. Mfungashaji: mgongo, mikono, macho. Mstari wa mimba usiwepo.